Kulhuwallahu kwa muhula mmoja: herufi kwanza, sauti nzuri baadaye

Hapa Stanmore, mwisho kabisa wa reli ya Jubilee, jumuiya ya Khoja Shia Ithnaasheri ya London ina kituo chake barabara ya Wood Lane. Familia nyingi za jumuiya hiyo zilitokea Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Uganda. Kwa hiyo mtoto wa mtaa huu anayepelekwa chuoni kusoma Kurani huenda ana lugha tatu kinywani kwa mpigo: Kiingereza cha shule, Kiswahili au Kikachi cha bibi, na Kiarabu cha Msahafu. Kila lugha ina namna yake ya kuvuta ulimi, na makosa ya kisomo mara nyingi huanzia hapo.

Wazazi wengi husema, "Mwanangu anasoma vizuri, ana sauti." Sauti anayo kweli. Amesikiliza wasomaji mtandaoni akashika mahadhi yao, na mahadhi hayo yanaficha herufi zilizopotea. Ndiyo maana katika darasa dogo la mwishoni mwa wiki ninalosaidia, muhula mzima wa vuli tunautumia kwa sura moja fupi, Suratul Ikhlas, na mahadhi tunayaweka mwisho. Muhula una kama wiki 12, ukitoa likizo ya katikati mwishoni mwa Oktoba. Mpango wenyewe ni huu, na mzazi anaweza kuufuata nyumbani.

Kwa nini sura hii? Watoto karibu wote wanaijua, kwa hiyo hawahangaiki kukumbuka maneno. Tena ina herufi tatu tu ambazo Kiswahili cha kawaida na Kiingereza hazina: qafu, ha nzito na swadi. Na aya zake zote nne zinaishia na dali, kwa hiyo mtoto anapata nafasi nne za kujifunza jambo moja kila anapoisoma.

Wiki ya kwanza hatusahihishi chochote. Kila mtoto anasoma sura mara moja, tunarekodi kwa simu, na mwalimu anaandika maneno manne tu: qul, ahad, samad, yuulad. Mvulana mmoja wa miaka minane alisoma kwa mahadhi ya kupendeza. Kwenye karatasi yake yaliandikwa: "kul", "ahat", "swomad", na "a" ya kwanza ya samad imevutwa. Yuulad peke yake ndiyo iliyokuwa sawa. Hiyo karatasi ndiyo ikawa mpango wake wa muhula.

Wiki ya pili na ya tatu ni za qafu. Sisi wenyewe sura hii tunaiita Kulhuwallahu, kwa "k", na mtoto anaichukua hiyo "k" mpaka ndani ya kisomo. Tofauti si ndogo: qul ni "sema", kul ni "kula". Na nje ya sura hii, qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Makosa ya namna hii, yanayobadili herufi, wanazuoni wa tajwidi huyaita makosa ya wazi, na ndiyo ya kushughulikia mwanzo.

Kafu hutamkwa pale sehemu ya nyuma ya ulimi inapogusa paa la kinywa. Qafu iko nyuma zaidi, karibu na kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Mtoto haoni kooni mwake, kwa hiyo tunatumia kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo. Akisema "ka", karatasi inatikisika, kwa sababu kafu hutoka na pumzi. Akisema "qa" sawasawa, karatasi inatulia. Karatasi ikitikisika bado, ulimi haujarudi nyuma. Tunaanza na "qa, qi, qu", kisha "qul" peke yake, kisha "qul hu". Hatua hii ya tatu ndiyo ngumu. Yule mvulana aliitamka qafu vizuri kabisa ikiwa peke yake, lakini akiunganisha na neno linalofuata "k" ilirudi. Dawa ilikuwa kusimama nusu sekunde baada ya "qul", kisha kuupunguza mwanya huo siku baada ya siku.

Wiki ya nne ni ya ha iliyo katikati ya neno ahad. Hii hutoka katikati ya koo, koo likibanwa kidogo na pumzi ikipita bila kukwaruza. Watoto huielewa wakiambiwa wapumue kama mtu aliyekula pilipili kali. Kosa la kwanza ni kuifanya "h" nyepesi ya "habari". Kosa la pili huja mtoto akijitahidi kupita kiasi, akasema "akhad". Ukisikia mkwaruzo, amefika kwenye khe. Mwambie apunguze nguvu na arudi chini kooni.

Wiki ya tano ni ya swadi, na hapa maandishi yetu ya Kiswahili yanatuponza. Tunaandika "swala" na "swaumu", na mtoto anayejua kusoma Kiswahili anaitia "w" hiyo midomoni. Anakunja midomo kama anayetaka kupiga mluzi, ndipo inatoka "swomad". Swadi haihitaji midomo. Ncha ya ulimi inakaa palepale pa sini, ila nyuma ya ulimi inanyanyuka, na irabu inayofuata inakuwa nene. Mpe mtoto kioo aseme "sa" kisha "swa" ya Kiarabu. Midomo ikisogea, arudie. Kuna jambo moja la umri: mtoto wa miaka sita au saba aliyeng'oka meno ya mbele atapiga mluzi kwenye sini na swadi hata afanye nini. Usimsumbue. Ukishaona midomo imetulia, subiri meno yaote.

Wiki ya sita ni ya dali ya mwisho, na hapa nyumba moja hutoa makosa mawili yaliyo kinyume. Kiswahili hakipendi neno liishe kwa konsonanti, kwa hiyo mtu mzima husema "ahadi" au "ahadu". Kiingereza nacho huimeza "d" ya mwisho, na mtoto husema kitu kama "ahat". Sheria ya tajwidi iko katikati yao: dali ikiwa na sukuni, na hasa ukisimama juu yake, hudundishwa. Huo mdundo huitwa qalqala. Ulimi unagusa, kisha unaachia haraka, na sauti ndogo inasikika bila kuwa irabu kamili. Ili kupima, mwambie mtoto asome neno la mwisho la aya, na wewe ukae chumba cha pili. Ukisikia "t", au husikii kitu, mdundo haupo. Ukiweza kutaja ni "i" au "u", umezidi.

Baada ya likizo tunaingia urefu, wiki ya saba na ya nane. Madda ya kawaida ni harakati mbili, na watoto huzihesabu kwa kukunja vidole viwili, kimoja baada ya kingine. Katika sura hii zimo kwenye jina la Allah, kwenye yuulad, na kwenye "hu" ya lahu unapoiunganisha na neno linalofuata. Pengine pote ni fupi. Shida ni kwamba Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, kwa hiyo mtoto husema "saamad" na "kufuuwan" bila kujua. Zoezi zuri ni yalid na yuulad. Maneno haya mawili yanafuatana, la kwanza fupi, la pili refu, na maana zake ni tofauti: kuzaa na kuzaliwa. Vidole visikunjwe kwenye yalid.

Wiki ya tisa ni ya kuunganisha. Nuni ya yakun inaingia ndani ya lamu ya lahu, inasomwa "yakullahu" bila kupitia puani. Lamu ya jina la Allah ni nene hapa, kwa sababu irabu iliyotangulia ni "a" au "u". Kwenye Bismillahi, baada ya "i", ni nyembamba. Kila aya isomwe kwa pumzi moja, na pumzi ivutwe mwishoni mwa aya tu.

Wiki ya kumi ndipo tunafungua mlango wa mahadhi, tena kwa ngazi. Kwanza mtoto asome sura yote kwa sauti moja iliyonyooka, kama anayeita majina darasani. Kisha apande na kushuka kidogo mwishoni mwa aya tu. Mwisho aige msomaji mmoja, asichanganye. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1980, anafaa kwa sababu ana kisomo cha kufundishia cha polepole, na herufi zake zinasikika moja moja. Watoto wakubwa wanaotaka kujua majina ya maqamu waanze na Bayati, ambayo wasomaji wa Misri wamezoea kufungulia na kufungia kisomo. Sharti ni moja: mahadhi yakae ndani ya harakati mbili za madda, yasiguse irabu fupi.

Yule mvulana aliporudishiwa mahadhi yake wiki hiyo, "saamad" ilirudi pia, imevutwa hata kuliko mwanzo. Tulimnyang'anya mahadhi kwenye aya ya pili tu, akaisoma kwa vidole siku nne, kisha tukamrudishia. Wiki ya 12 tulirekodi tena, na akasikiliza rekodi zote mbili. Qafu, swadi na dali zilikuwa zimetengemaa. Ha bado ilikuwa dhaifu, na ikaandikwa kwenye karatasi ya muhula ujao.

Nyumbani dakika kumi kwa siku zinatosha: neno moja la wiki mara tano polepole, sura nzima mara moja, basi. Kurudia mara hamsini kwa haraka kunakaza kosa.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la adabu. Mtoto aliyejua qalqala atamsikia bibi yake akisema "ahadi" kwenye swala, na anaweza kucheka. Mwambie mapema kwamba bibi alifundishwa na walimu wa wakati wake, na hukumu ya swala ya mtu mzima ni swali la sheikh, si lake. Akitaka kumsaidia, amwombe: "Shikamoo bibi, naomba unisikilize sura yangu." Bibi atasikiliza, na akipenda atafuatisha.