Sauti Zinazoruka Foleni

Katika Kilatini cha Hispania, sauti k iliyokaa kati ya irabu mbili iligeuka kuwa g. Amicum, rafiki, likawa amigo. Lacum, ziwa, likawa lago. Securum, salama, likawa seguro. Haya ni mabadiliko ya kanuni: yalifuata sauti, si neno, na neno likikaidi tunatafuta sababu. Único, kwa mfano, lilichukuliwa baadaye kutoka vitabu vya Kilatini.

Sasa tazama periculum, hatari. Kihispania cha kale kiliandika periglo. Leo ni peligro. R na l zimebadilishana nafasi! Miraglo, muujiza, vilevile likawa milagro. R na l hufanana masikioni, hivyo ni rahisi msikilizaji kukosea ipi imetangulia. Lakini árbol, mti, lina r kisha l, na halikugeuka. Lenyewe lilitokana na arborem, ambapo r ya pili iligeuzwa l ili isirudie ya kwanza. Hakuna kanuni ingetabiri yote hayo.

Hata hivyo, kuruka nafasi si lazima kuwe kwa bahati. Katika lugha za Kislavi cha kusini, gordŭ ya kale, yaani mji, ilitoa grad kama katika Beograd, na maneno mengine ya umbo hilo yakafuata njia ileile. Kinachoamua ni kama maneno yote yenye mazingira yale yameguswa.