Stika ya Kulia kwa Waya: Emoji Gani Inabeba Salamu na Gani Itakuchoma

Leo wacha nikuambie venye stika moja ilinikosanisha na waya yangu, dadake mzee, huko Ahero. Ukishaskia hii, utafikiria mara mbili kabla ubonyeze.

Ilikuwa mvua ya masika ya 2024, ile ya mafuriko. Asubuhi moja waya akanitumia meseji kwa WhatsApp: "Oyawore nyathina. Maji ya Nyando yameingia kwa mpunga usiku. Sisi tuko salama." Mimi niko Nairobi, nakimbizana na matatu, nikamtumia stika ya Pawpaw akilia. Kichwani mwangu nilikuwa nimesema pole. Siku mbili waya kimya. Ndio binamu akanipigia: "Waya anauliza kama mafuriko imekuwa kichekesho."

Sasa shida ilikuwa wapi? Ya kwanza, salamu yenyewe. "Oyawore" si neno la kupita tu. Ni kama shikamoo, inangoja mwenzake. Mtu akikuambia "Oyawore," unarudisha "Oyawore ahinya," halafu ndio stori inaanza. Stika haijui kurudisha. Kwa hivyo waya alisalimia, na kwa macho yake hakuna mtu aliitikia.

Ya pili, Pawpaw ni msanii wa komedi. Sisi tukimwona analia tunacheka, ndio maana tunamtumia. Waya pia anamjua kwa hizo filamu za Nigeria, na pia yeye humcheka. Sasa ametoka kuangalia mpunga wake chini ya maji, anafungua simu anapata kichekesho. Ungekuwa wewe ungeona aje?

Hii ndio inachoma wengi wetu. Kwa mbogi yetu 😭 ni kicheko, na 💀 ni "nimekufa nikicheka." Kwa mathe na wazee, 😭 ni machozi ya ukweli, na 💀 ni kifo. Sasa fikiria umeambiwa "Dani ameamka vizuri leo," na wewe unajibu "Wueh dani 💀." Boma lote litashtuka. Kwa wakubwa, tumia tu zile zenye maana moja kwa pande zote. 🙏 iko salama kabisa. Ilianzia kwa simu za Kijapani, na huku kwetu mmoja ataisoma asante, mwingine pole, mwingine maombi. Zote tatu hazimkosei mtu.

Ya tatu, angalia mtu anatumia simu gani. Kama dani ako na kabambe, unamwandikia SMS ya kawaida. SMS moja inabeba herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, meseji nzima inaandikwa kwa mfumo mwingine unaokula nafasi, na SMS moja sasa inabeba 70 peke yake. Kwa hivyo salamu ya herufi 120, ambayo ingeenda kama SMS moja, inakuwa mbili, na unakatwa za mbili. Na bado kabambe nyingi zitamwonyesha dani kisanduku kitupu mahali uliweka moyo. Kwa kabambe, maneno yanatosha.

Sasa, ningemjibu waya aje? Hivi: "Oyawore ahinya, waya. Pole sana kwa maji. Mpunga umeharibika kiasi gani? Nitakupigia jioni 🙏." Ona mpangilio. Salamu imerudishwa, jambo lake limeguswa kwa jina, kuna swali linaloonyesha umesoma, na emoji moja imekuja mwisho. Toa hiyo emoji na meseji bado iko sawa. Hicho ndicho kipimo: kama ukitoa emoji hakuna kitu kinabaki, basi hukuwa umesalimia.

Na usidhani stika ni mbaya. Kwa grupu ya maboi wa kitaa, stika ya sura ya beshte wako akiwa amelala kwa matatu ni salamu tosha, juu ni nyinyi tu mnajua stori yake. Hapo "habari ya asubuhi" ya maneno matupu ndiyo itafanya waulize kama uko na deni. Joto linatoka kwa hiyo stori mnashea, si kwa picha.

Kwa wakubwa, ngoja wao waanze. Mimi nilimpigia waya, nikaomba msamaha, tukaongea juu ya shamba karibu nusu saa. Jioni akaandika: "Oimore, nyathina ❤️." Kumbe emoji anazijua poa. Nikarudisha "Oimore ahinya, waya," halafu ndio nikaweka moyo wangu.