Bei ya Ubaoni na Bei ya Mkononi

Ukubwa wa kampuni sokoni haupimwi kwa majumba yake wala kwa wingi wa waajiriwa wake, bali kwa kuzidisha bei ya hisa moja kwa jumla ya hisa zote. Na kwa mizani hiyo Safaricom, yenye hisa takriban bilioni 40 katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ikiwa shilingi 20, huwa na thamani ya shilingi bilioni 800. Ili bei hiyo ipande maradufu, hapana budi thamani hiyo iongezeke kwa bilioni 800 nyingine, ilhali kampuni ndogo yenye thamani ya milioni 500 yaweza kupanda maradufu kwa mkataba mmoja tu uliotimia. Mwaka 1981 mtaalamu Rolf Banz, akiisha kuchungua hisa za New York tangu 1936 hadi 1975, alitangaza kwamba kampuni ndogo, kwa wastani, ziliwafaidi wenye hisa kuliko kubwa. Wengine wakauliza kama ziada ile si ujira wa kushika mali isiyouzika upesi.

Swali hilo, kwa rai yangu, ndilo kiini. Tuchukulie, kwa mfano tu, mtu mwenye shilingi 20,000. Akinunua hisa 1,000 za kampuni kubwa kwa shilingi 20, na papo hapo akataka kuziuza, humkuta mnunuzi wa 19.95, akapoteza shilingi 50. Akinunua hisa 2,000 za kampuni ndogo kwa shilingi 10, mnunuzi wa kwanza ataka 300 kwa shilingi 9, wa pili 700 kwa 8.80, wa tatu 1,000 kwa 8.60; hupata 17,460, yaani zaidi ya asilimia 12 imekwenda, kabla hata dalali hajadai chake, na kampuni yenyewe haijapatwa na lolote.

Ukubwa haumkingi mtu na hasara. Hisa za Safaricom, zilizouzwa kwa shilingi 5 mwaka 2008, zilishuka chini ya 3 mwaka uliofuata. Illa aliyetaka kutoka alimpata mnunuzi. Kampuni ya Home Afrika nayo iliingia soko hilo mwaka 2013, katika safu ya kampuni changa, kwa shilingi 12, na baadaye ikaanguka chini ya shilingi moja. Kampuni za kati hughuri zaidi, maana siku za utulivu huuzika kama kubwa, na hofu ikiingia wanunuzi hupungua ghafla.

Kwa hiyo, kabla ya kuitazama bei, itazame idadi ya hisa zinazouzwa kila siku. Zikiwa 400, na wewe, usije ukaiangusha bei kwa mkono wako mwenyewe, huuzi zaidi ya robo yake, hisa zako 2,000 zitahitaji siku 20 za soko, takriban mwezi mzima.