UZI: Barua ya KRA inasema nini hasa?

Kwa mikutano ya siasa Migori na Homa Bay utasikia "wanawafungia biashara!" halafu karatasi inapeperushwa juu. Hakuna anayeisoma. Wacha tuisome.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza omena Homa Bay. Hajawasilisha ritani za mwaka mzima. KRA inaangalia akaunti zake, inaona zimeingia shilingi milioni 4.8, inamwandikia kwamba Kamishna amekadiria kodi "kwa uamuzi wake bora". Maana yake: hukutuambia, kwa hivyo tumekisia kwa habari tulizo nazo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inaruhusu hilo. Ni makisio, lakini usipoyapinga yanageuka deni.

Kwa kodi ya mauzo ya asilimia 3, hiyo ni 144,000.

Sasa angalia pesa zenyewe. 600,000 ni mkopo. 900,000 ni za chama, yeye ndiye mweka hazina. 1,500,000 alizihamisha tu kutoka akaunti moja yake hadi nyingine. Mauzo halisi ni milioni 1.8, kodi yake 54,000. Tofauti ni 90,000, na ni yeye anayepaswa kuithibitisha, si KRA. Bila karatasi za mkopo, daftari la chama na taarifa za benki, maneno matupu hayatamsaidia.

Ana siku 30 tangu apate taarifa kuweka pingamizi kwa iTax. Hapa ndipo wengi huanguka: ni lazima aeleze kiasi anachokataa na sababu, aambatishe ushahidi, na ile 54,000 asiyoipinga ailipe au akubaliane na KRA jinsi ya kuilipa. Akisema tu "naonewa", pingamizi si halali. Likiwa halali, Kamishna ana siku 60 kuamua. Asiporidhika, anaenda Mahakama ya Rufaa za Kodi. (Kama alikuwa mgonjwa siku 30 zikapita, anaweza kuomba aongezewe muda.)

Barua ya "toa sababu" ni kitu kingine. Hiyo inauliza kwa nini hatua isichukuliwe dhidi yako. Bado hujahukumiwa, so jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kunyamaza ndio kosa.

"Malimbikizo" ni kodi ambayo tarehe yake imepita bila kulipwa. Uliza wakutenganishie: kodi yenyewe ni ngapi, adhabu ngapi, riba ngapi. Riba ni asilimia 1 kila mwezi, na watu hubishana na jumla bila kujua imetoka wapi.

Mwisho ni dai la kutekeleza: lipa au wasilisha kufikia siku fulani. Likipuuzwa, KRA inaweza kuiandikia benki yako itoe pesa moja kwa moja. Wengi hugundua wakiwa kwa ATM.

Kwa hivyo mtu akipeperusha karatasi jukwaani, muulize: ni barua gani kati ya hizi, na imeandikwa tarehe ngapi?