Ratiba Inayoamuliwa na Kazi Inayojirudia Zaidi

Prosesa moja imepewa rundo la kazi, na kila kazi huchukua zamu moja. Kazi hutajwa kwa herufi, na zenye herufi moja ni za aina moja. Sharti ni kwamba aina ikishafanyika, zipite zamu zisizopungua n kabla haijarudiwa. Katikati ya hapo prosesa hufanya kazi za aina nyingine, au hukaa bure ikiwa hakuna inayoruhusiwa. Mfuatano ni huru. Kinachotafutwa ni idadi ndogo kabisa ya zamu za kumaliza rundo lote. Swali hili huulizwa sana katika usaili wa waandaaji wa programu.

Tuseme kazi ni A mara nne, B mara nne, C mara mbili na D mara moja, jumla 11, na n ni 3. Anayeanza na C na D kwa kuwa ni chache na zinaisha upesi atajikuta mwishoni amebakiwa na A na B tu, zikisubiriana huku zamu zikipita bure. Kazi chache ndizo za kuzibia mapengo, kwa hiyo hazifai kutumiwa mapema bila mpango. Anayepaswa kutazamwa kwanza ni A, kwa sababu hakuna namna ya kuikwepa: mara zake nne zina mapengo matatu kati yake, na kila pengo lina zamu tatu au zaidi. Mpangilio wowote ule hauwezi kupunguza hapo.

Kila A pamoja na pengo linaloifuata huunda safu ya zamu nne, yaani n + 1. A ya mwisho haidai pengo, maana baada yake hakuna A nyingine ya kusubiri. B nayo inajirudia mara nne, hivyo inakaa kando ya A katika kila safu, na ya mwisho inaongezeka mkiani:

```
A B C _
A B C _
A B D _
A B
```

Safu kamili ni tatu, kila moja ina zamu nne, kisha mkia wa zamu mbili: jumla 14. Kazi ni 11, kwa hiyo prosesa imekaa bure zamu tatu. Iwapo m ni idadi ya aina inayojirudia zaidi, na k ni hesabu ya aina zilizofikia idadi hiyo, jibu ni (m − 1) × (n + 1) + k.

Fomula hii peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi huteleza. Ziongezwe E mara mbili na F mara tatu. Kazi sasa ni 16, lakini m na k hazijabadilika, kwa hiyo fomula bado inatoa 14, jambo lisilowezekana. Kilichotokea ni kwamba mapengo yamejaa na safu zimeanza kurefuka:

```
A B F C E
A B F C D
A B F E
A B
```

Safu ikirefuka, kazi zinazofanana huzidi kuachana, hivyo sharti halivunjwi. Hakuna zamu ya bure tena, na jibu ni idadi ya kazi zenyewe, 16. Basi huchukuliwa kubwa kati ya hesabu mbili:

```python
from collections import Counter

def zamu(kazi, n):
    idadi = list(Counter(kazi).values())
    m = max(idadi)
    k = idadi.count(m)
    return max(len(kazi), (m - 1) * (n + 1) + k)
```

Ujazaji una utaratibu wake. Mapengo hujazwa kwa kushuka safu hadi safu, si kwa kwenda kulia, na aina zenye idadi kubwa hutangulia. Aina yenye mara m − 1 huingia mara moja katika kila safu ya juu. Aina ndogo zaidi inaweza kuishia chini na kuendelea juu, kama E hapo, lakini kwa kuwa ni chache, haiwezi kujikuta katika safu mbili zinazofuatana kwa umbali usiotosha. Bila kutanguliza zenye idadi kubwa, uhakika huo hupotea.

Kosa jingine la kawaida ni kuzidisha kwa n badala ya n + 1. Hutambulika kwa jaribio dogo: A mbili zenye n sawa na 1 zinahitaji zamu tatu (A, bure, A), ilhali hesabu yenye kosa hutoa mbili.

Njia hii hutoa muda tu, wala haitaji kazi ipi ifanyike lini. Anayetaka ratiba yenyewe lazima ajaze safu. Pia haifai pale mfuatano wa kazi umeshaamuliwa, kila aina ina muda wake wa kusubiri, kazi hazilingani kwa urefu, au prosesa ni zaidi ya moja. Hasa mfuatano ukiwa umefungwa, hakuna haja ya kuhesabu herufi: hutunzwa zamu ya mwisho ya kila aina, na kila kazi hufanywa mara tu muda wake unaporuhusu.