Duka linauzwa Utemini

Tuseme Mangi mmoja wa Utemini, hapa Singida Mjini, ameamua kurudi kwao na anauza duka lake kwa shilingi milioni 18. Ndani mna mzigo wa milioni 6, pamoja na friji, mizani na shelfu za milioni 1. Milioni 11 zinazobaki ni kilemba: mnunuzi analipia imani kwamba wateja wataendelea kuja.

Duka linauza laki 3 kwa siku, kama milioni 9 kwa mwezi. Kwenye unga, sukari na mafuta faida ni nyembamba, hivyo tuchukue asilimia 10, yaani laki 9. Ondoa pango 150,000, umeme 50,000, leseni na kodi 50,000, kisha mshahara wa muuzaji 250,000. Huo mshahara wengi huuacha kwa sababu wanakaa kaunta wenyewe, lakini kazi yao nayo ina bei. Inabaki laki 4 kwa mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka. Ukitaka fedha yako irudi ndani ya miaka minne, duka lina thamani ya milioni 19.2. Basi milioni 18 inaonekana nafuu.

Benjamin Graham, mwalimu wa uwekezaji wa Marekani, asingeridhika. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1949 aliifanya sura ya mwisho kuwa juu ya ukingo wa usalama: tofauti kati ya thamani uliyoikadiria na bei unayolipa. Makadirio hukosewa hata na mtu makini, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba kosa. Hapa ni milioni 1.2 tu. Mimi ningetaka theluthi nzima, kwa hiyo ningempa Mangi milioni 12.8.

Sasa mtu afungue duka la pili ng'ambo ya barabara na achukue theluthi moja ya wateja. Mauzo yanashuka hadi milioni 6, faida ya bidhaa inakuwa laki 6, lakini mwenye fremu hapunguzi pango na muuzaji anadai mshahara uleule. Kati ya laki 4 za mwanzo inabaki laki 1. Theluthi ya mauzo imeondoka na robo tatu ya faida. Aliyelipa milioni 18 atasubiri miaka 15 fedha yake irudi. Aliyelipa 12.8 naye ameumia, miaka yake inakaribia 11, ila akiamua kufunga na kuuza vilivyomo kwa bei aliyovinunulia, amepoteza milioni 5.8 badala ya 11.

Kwa hiyo kabla ya kubishana bei, uliza nini kinamzuia huyo wa ng'ambo. Warren Buffett, mwanafunzi wa Graham, hukiita handaki, kama lile linalozunguka ngome. Uwakala wa fedha za simu si handaki, maana hata jirani anaweza kuupata. Kununua mafuta ya alizeti kwa wakamuaji msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi hadi yapande, kunasaidia mpaka atokee mwenye mtaji kama wako. Lenye nguvu zaidi ni daftari la mikopo: Mangi anajua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hulipa akishauza vitunguu, na anayekopeshwa hahami kwa tofauti ya shilingi 100. Lakini ujuzi huo umo kichwani mwa Mangi, na Mangi anaondoka. Mnunuzi anayelipa milioni 11 za kilemba bila kukaa naye kaunta miezi kadhaa, akijulishwa wateja mmoja mmoja, amenunua handaki ambalo muuzaji anaondoka nalo.

Hesabu hiyohiyo inafaa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuzia umma hisa milioni 560, robo ya kampuni, kwa shilingi 850 kila moja. Kwa bei hiyo kampuni nzima ilithaminishwa shilingi trilioni 1.9. Handaki lilikuwapo: minara nchi nzima, na M-Pesa iliyoanza mwaka 2008, ambayo mtu huitumia kwa sababu ndugu na wateja wake wako humo. Lakini Machi mwaka huohuo wateja walianza kuruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, na ukuta mmoja ukapungua kimo. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala. Watu wakapunguza kutuma fedha kwa simu, ingawa hakuna mshindani aliyekuwa amefungua duka ng'ambo. Kwa miaka kadhaa hisa ilikaa chini ya 850.

Kampuni haikuwa mbovu. Aliyenunua kwa 850 alikuwa amekwisha kulipia handaki lote, na tozo ilipofika hakuwa na ukingo wa kuipokea.