Dada Anapomlisha Mtoto: Ne, Ko na Se za Kihindi

Kwa Kihindi, dada ni babu mzaa baba. Mwanafunzi wa Kiswahili akishacheka na kuzoea, ninamwandikia ubaoni sentensi moja ambayo tutakaa nayo wiki nzima:

Dada ne bachche ko chammach se daal khilaayi.

Babu alimlisha mtoto dengu kwa kijiko. Herufi kh hapo si ile ya "kheri", ni k inayotoka na pumzi. Sentensi hii naipenda kwa sababu vile vijineno vitatu vinavyowatoa jasho wanafunzi vimo vyote, kila kimoja kikifanya kazi yake. Ne imemshika mtenda, ko imemshika anayelishwa, se imeshika kijiko.

Angalia vilipokaa. Sisi husema "kwa kijiko", kihusishi kikitangulia. Mhindi husema "kijiko kwa". Wiki ya kwanza karibu kila mtu ataandika se chammach, na kalamu nyekundu itafanya kazi. Lakini jambo lenyewe si geni kabisa kwetu. Tunasema nyumbani, sokoni, mezani, na ile -ni haijawahi kutangulia nomino. Kihindi husema ghar mein, nyumbani, na bazaar mein, sokoni. Anayekumbuka -ni hakosei mahali pa kuweka se.

Kinachokosewa zaidi ni nomino yenyewe. Mtoto wa kiume ni bachcha, lakini akifuatwa na kijineno chochote kati ya hivi anageuka kuwa bachche. Bachcha ko ni kosa ambalo Mhindi hulisikia mara moja. Nomino nyingi za kiume zinazoishia na -a hufanya hivyo: kamra, chumba, huwa kamre se, kutoka chumbani. Mwanafunzi hodari akishaishika kanuni hii huandika dade ne, naye hapo amekosea kwa bidii yake. Majina kadhaa ya ukoo na ya heshima hayageuki: dada, chacha (baba mdogo), raja (mfalme). Chammach halina -a mwishoni, kwa hiyo limebaki lilivyo.

Sasa ko, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na damu yetu. Mswahili hawezi kusema "nimeona mtoto" bila kuhisi kuna kitu kimepungua, atasema "nimemwona". Kitabu, kwa upande mwingine, anaweza kukisoma bila kiambishi: "nimesoma kitabu". Akisema "nimekisoma kitabu hiki", msikilizaji anajua kinazungumzwa kitabu mahususi. Kihindi kina hisia hiyohiyo, ila kinaiweka kwenye ko badala ya ndani ya kitenzi:

Maine kitaab parhi. Nimesoma kitabu.
Maine is kitaab ko parha. Nimekisoma kitabu hiki.
Maine bachche ko dekha. Nimemwona mtoto.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu asipojua kama aweke ko au aiache, humwambia aiseme sentensi kwa Kiswahili kwanza. Ikidai -m- au -ki- au -wa- ndani ya kitenzi, mara nyingi Kihindi nacho kitadai ko. Si kipimo cha asilimia mia, lakini kitamfikisha mbali.

Kuna zawadi nyingine. Sisi hatusemi kwamba mtu anaitenda njaa. Njaa ndiyo inayomuuma mtu, usingizi ndio unaomshika. Kihindi hivyohivyo. Mujhe bhookh lagi hai: njaa imenishika. Mujhe neend aa rahi hai: usingizi unanijia. Mujhe hapo ni umbo fupi la mujhko, yaani "mimi" pamoja na ko. Kosa hujitokeza kwenye kupenda na kujua, kwa kuwa huko Kiswahili humfanya mtu kuwa mtenda: "napenda chai". Mwanafunzi huandika main chai pasand hai. Sahihi ni mujhe chai pasand hai, kama kwamba chai inanipendeza. Na kulazimika nako hubeba ko: mujhe jaana hai, inanipasa niende.

Ukifika Delhi utasikia watu wengi wakisema maine jaana hai, na Mumbai utasikia mere ko badala ya mujhe. Ni lugha ya mitaa ile na hakuna atakayekushangaa ukiitumia. Kwenye mtihani utakatwa alama.

Se inaonekana rahisi kwa kuwa kazi zake nyingi zinaangukia "kwa" na "kutoka". Main bas se aaya, nimekuja kwa basi. Main Dilli se aaya, nimetoka Delhi. Hata muda inaubeba: main do saal se Dilli mein hoon, niko Delhi mwaka wa pili sasa. Mtego wake uko kwenye "na". Sisi tunakutana na mtu, tunazungumza na mtu, tunakwenda sokoni na mtu, na "na" ni ileile. Kihindi kinazigawa. Kukutana na kuzungumza huchukua se: main dost se mila, nilikutana na rafiki. Kwenda pamoja huchukua ke saath: main dost ke saath gaya. Ukisema main dost se gaya, umemfanya rafiki yako kuwa basi.

Mtego wa pili ni kuuliza. "Muulize babu" ina -mu-, nami nimetoka kusema kwamba -mu- huashiria ko. Hapa kipimo changu kinavunjika: Kihindi sanifu kinataka dada se poochho. Kuomba kitu kwa mtu na kumwogopa mtu nako ni se. Kueleza, kupa na kuonyesha ni ko: mujhe bataao, niambie. Sijapata njia ya mkato hapa. Kitenzi hujifunzwa pamoja na kijineno chake, kama vile mgeni anavyolazimika kujifunza kwamba sisi tunaogopa simba lakini tunakimbia kutoka kwake.

Imebaki ne, na hapa ndipo Kiswahili kinapomwachia mtu mkono. Rudi kwa babu na mtoto. Kwa wakati uliopo sentensi ni hii:

Dada bachche ko chammach se daal khilaate hain.

Ko ipo, se ipo, ne imetoweka. Kitenzi kimemfuata babu: ni cha kiume, na kimewekwa katika wingi kwa sababu wazee hupewa wingi wa heshima. Tazama tena ile ya mwanzo. Khilaayi ni umbo la kike na la umoja. Babu si mwanamke. Kitenzi kimemwacha babu na heshima yake yote, kikamfuata daal, ambaye kwa Kihindi ni wa kike. Babu akilisha haluwa, ambayo ni ya kiume, kitenzi kitabadilika ingawa babu ni yuleyule: Dada ne bachche ko chammach se halva khilaaya.

Mambo haya mawili huenda pamoja: tendo limekamilika, na kitenzi kina yambwa, yaani kitu kinachotendwa. Hapo mtenda anachukua ne, na kitenzi kinahamia kwa yambwa. Chimbuko lake liko katika Sanskriti, ambako tendo lililokwisha lilisemwa kwa umbo la kutendwa, kama "dengu zimeliwa na babu", na ilikuwa sawa kabisa kwamba kitenzi kilingane na dengu. Umbo likabaki, maana ya kutendwa ikafifia. Kwa Mhindi wa leo, babu ndiye kiima wa sentensi yake.

Zoezi ninaloanza nalo lina vinywaji viwili. Maji, paani, ni ya kiume. Chai ni ya kike. Mwanamume husema main paani peeta hoon, mwanamke main paani peeti hoon, nakunywa maji. Tendo likishakamilika, wote wawili husema sawa: maine paani piya, maine chai pi. Jinsia ya msemaji haina kazi tena. Wanafunzi wa kike ndio hukosea zaidi hapa, maana wamehangaika miezi kadhaa kujifunza kujitaja kwa umbo la kike, kisha wanaambiwa waliache mlangoni.

Na kama yambwa nayo imeshikwa na ko? Basi kitenzi hakina pa kwenda, hujikalia katika umbo la kiume la umoja. Ndiyo maana juu tuliona kitaab parhi, lakini kitaab ko parha.

Kosa kubwa la ne ni kudhani ni alama ya wakati uliopita. Main daal kha raha tha, "nilikuwa ninakula dengu", ni jana kabisa lakini tendo halijafika mwisho, hivyo ne haina nafasi. Nimekula, nilikula na nilikuwa nimekula huichukua. Nilikuwa ninakula hapana. Kosa la pili ni maine gaya. Kwenda hakuna yambwa, kwa hiyo ni main gaya. La tatu ni la maumbo: kwa kuwa mtu amezoea mujhe na mujhse, huunda mujhne. Sahihi ni maine. "Yeye" huwa usne, "wao" unhonne. Kwa kiwakilishi kijineno huandikwa kimeshikamana. Kwa nomino husimama peke yake, dada ne.

Kisha wapo wakorofi. Bhoolna, kusahau, kina yambwa ila hakitaki ne: main naam bhool gaya, nimesahau jina. Chhinkna, kupiga chafya, hakina yambwa lakini hukubali ne: usne chhinka. Chukna, ambacho hufanya kazi ya "-sha-" yetu, huifukuza ne hata kikiandamana na kula: main khaana kha chuka hoon, nimeshakula. Ondoa chukna, nayo inarudi: maine khaana khaaya.

Hizi hapa ni sentensi nne nilizozikuta katika madaftari. Zisahihishe kabla ya kusoma chini.

Main dada ko poochha.
Bachcha ne chai piya.
Main chai pasand hai.
Maine chaabi laaya.

Ya kwanza ina makosa mawili: maine dada se poochha. Ya pili nayo mawili: bachche ne chai pi. Ya tatu inataka mujhe. Ya nne, nilileta ufunguo, ndiyo inayoleta ubishi darasani kila mwaka, kwa kuwa ufunguo ni yambwa na tendo limekwisha. Lakini laana, kuleta, kimeunganishwa kutokana na le, kuchukua, na aana, kuja, na sehemu ya mwisho ndiyo inayotawala. Kuja hakuna yambwa. Kwa hiyo mwanamume husema main chaabi laaya, mwanamke main chaabi laayi, kila mmoja kwa jinsia yake.